Tumbili, Mgodi na Miwale: Njia Tatu za Virusi vya Wanyamapori Kumfikia Binadamu

Kirusi cha Marburg kina makazi yake ya kudumu ndani ya popo wa Misri, aina ya popo wala matunda ambao hulala mapangoni kwa makundi ya maelfu. Popo mwenyewe haugui. Kirusi huzaliana mwilini mwake kwa muda mfupi, kinga ya mwili hukidhibiti, na kabla hakijaisha huwa kimeshapita kwa popo mwingine kupitia mate, mkojo au kinyesi. Kwa namna hiyo kinaweza kuendelea kuwepo pangoni miaka nenda miaka rudi bila binadamu yeyote kujua. Kikimwingia binadamu, hali huwa nyingine kabisa. Katika milipuko iliyorekodiwa, waliokufa wamekuwa kati ya robo ya wagonjwa na karibu tisa kati ya kila kumi.

Ili ugonjwa wa mnyama umfikie binadamu, haitoshi kirusi kuwepo tu. Mambo manne lazima yafuatane. Mnyama awe anatoa kirusi wakati huo. Kirusi kidumu nje ya mwili wake kwa muda wa kutosha. Mtu akutane nacho kwa kiasi cha kutosha. Na kirusi kiweze kuingia katika chembe hai za mwili wa mtu huyo. La pili na la nne hutegemea zaidi maumbile ya kirusi chenyewe. La kwanza na la tatu hubadilika kulingana na yale ambayo binadamu anayafanya porini. Mifano mitatu kutoka Uganda, iliyochunguzwa kwa kina kwa zaidi ya nusu karne, inaonyesha mabadiliko hayo yanavyotokea: biashara ya tumbili, uchimbaji wa madini mahali wanapolala popo, na ukataji wa miwale katika msitu wa Budongo.

Tumbili waliosafirishwa Ulaya

Mwezi Agosti 1967, wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo katika mji wa Marburg, Ujerumani, walianza kuugua homa kali, kuharisha na kutokwa damu. Wagonjwa wengine walijitokeza Frankfurt na Belgrade. Kilichowaunganisha kilikuwa tumbili. Wakati huo, chembe za figo za tumbili zilitumika kuotesha virusi kwa ajili ya kutengeneza chanjo ya polio, na maabara zote tatu zilikuwa zimepokea tumbili waliokamatwa Uganda na kusafirishwa kwa ndege.

Waliougua walikuwa 31, na saba kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa wamewapasua tumbili, kuwatoa figo au kusafisha vyombo vilivyokuwa na damu yao. Sita hawakuwa wamewagusa tumbili wala viungo vyao, bali waliambukizwa na wagonjwa, na hao sita wote walipona. Mgawanyo huo ulionyesha mapema tabia ya kirusi hiki: hakisambai kwa kupita tu karibu na mgonjwa, bali kwa kugusa damu na majimaji ya mwili. Katika muda usiofika miezi mitatu, wanasayansi walikuwa wamekitenga na kukipa jina la mji huo wa Ujerumani, ingawa asili yake ilikuwa Afrika Mashariki.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba tumbili ndio wanaokihifadhi kirusi. Majaribio ya maabara yaliivunja dhana hiyo, kwa sababu tumbili walioambukizwa walikufa. Mnyama anayeuawa haraka na kirusi hawezi kukihifadhi kwa miaka mingi, kwani angekufa nacho. Tumbili, sawa na binadamu, alikuwa mpitaji tu. Alikuwa amekipata kwa mnyama mwingine asiyejulikana, na biashara ndiyo iliyombeba kutoka mwituni hadi kwenye meza ya maabara kabla ugonjwa haujaonekana.

Hatari ya biashara ya wanyamapori haiishii kwenye kumsafirisha mnyama mgonjwa. Njiani, wanyama wasiokutana kamwe porini huwekwa katika vizimba vinavyopakana, huku wakiwa na njaa, kiu na hofu vinavyodhoofisha kinga yao. Tukio la mwaka 2003 linaonyesha hilo wazi. Mwezi Aprili mwaka huo, wanyama wadogo wapatao 800 kutoka Ghana, wakiwemo panya buku, walipelekwa Texas nchini Marekani ili wauzwe kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Baadhi yao walikuwa na virusi vya mpox. Kwa mfanyabiashara mmoja, panya hao waliwekwa karibu na wanyama wa jamii ya kindi wanaoishi mashimoni katika nyanda za Marekani, ambao nao hupendwa kama wanyama wa nyumbani. Kirusi kikapita kwao, na kutoka kwao kikawafikia watu 47 katika majimbo sita. Hakuna aliyekufa. Watu hao hawakuambukizwa na mnyama wa Afrika moja kwa moja, bali na mnyama wa kwao aliyewekwa jirani na mgeni dukani.

Popo wa mgodi wa Kitaka

Swali la ni mnyama gani anayekihifadhi kirusi cha Marburg lilichukua miaka 40 kujibiwa. Dalili zilizidi kuelekeza mapangoni. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa ametembelea pango la Kitum, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, aliugua akafia Nairobi. Mwaka 1987 kijana aliyeingia pango hilohilo naye aliugua akafa. Kisha kuanzia 1998 hadi 2000, ugonjwa ulizuka Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Watu 154 waliugua na 128 wakafa.

Uchunguzi wa vinasaba vya virusi vilivyopatikana Durba ulikuwa na jambo la kushangaza. Mlipuko ukianza na mtu mmoja na kuenea kwa wengine, virusi vya wagonjwa wote hufanana sana. Durba kulikuwa na angalau koo tisa tofauti za kirusi hichohicho. Maana yake ni kwamba haukuwa mlipuko mmoja, bali mfululizo wa maambukizi mapya: mchimbaji mmoja baada ya mwingine alikuwa akikipata kirusi chini ya ardhi na kukipeleka nyumbani. Ugonjwa ulikoma mwaka 2000, mgodi wa Goroumbwa ulipojaa maji na watu wakaacha kuingia.

Jibu lilipatikana Uganda magharibi mwaka 2007. Wachimbaji wanne wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Mgodi huo ulikuwa na popo wa Misri zaidi ya 100,000, waliokuwa wakining'inia juu ya mahandaki ambamo watu walifanya kazi wakiwa na mavazi ya kawaida tu. Watafiti walipima popo 611 wa aina hiyo, na takriban 5 kati ya kila 100 walikuwa na kirusi mwilini. Baadhi ya popo walitoa kirusi kilicho hai, chenye vinasaba vilivyofanana sana na vya wagonjwa. Kwa hesabu hiyo, ndani ya mgodi mmoja kulikuwa na popo zaidi ya 5,000 wenye kirusi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo lile jambo la tatu, yaani kukutana na kirusi, linapoeleweka. Popo hutoka jioni kutafuta matunda na kurudi kabla ya kupambazuka. Mkulima anayepita chini yao usiku hana hatari kubwa. Mchimbaji hukaa saa nyingi chini ya dari yao, mahali pasipo na jua wala upepo wa kukausha majimaji. Mkojo na kinyesi humdondokea kichwani, hushika kuta na kamba kwa mikono yenye michubuko, kisha hujifuta jasho usoni kwa mikono hiyohiyo. Pango lililokuwa la popo peke yao limegeuka mahali pa kazi.

Utafiti mwingine ulifanyika katika Pango la Chatu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako watalii wawili walikuwa wameambukizwa, mmoja mwishoni mwa 2007 na mwingine mwaka 2008. Huko iligundulika kwamba hatari si ileile mwaka mzima. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto huzaliwa wakiwa na kinga kutoka kwa mama zao, kinga hiyo huisha, na wanapofikia umri wa miezi sita hivi wengi wao huambukizwa kwa pamoja. Katika misimu hiyo miwili, katikati ya mwaka na karibu na mwanzo wa mwaka, popo wadogo wenye kirusi walifika 12 kati ya kila 100, ilhali nyakati nyingine walikuwa chini ya 3. Orodha ya maambukizi ya binadamu yanayojulikana ilipolinganishwa na kalenda hiyo, karibu manane kati ya kila kumi yaliangukia kwenye misimu hiyo miwili.

Kuwaua popo kulivyoongeza kirusi

Baada ya habari za mwaka 2007, wachimbaji wa Kitaka waliamua kuondoa tatizo kwa kuwaangamiza popo. Walitanda nyavu za kuvulia samaki kwenye midomo ya mgodi na kuziba njia kwa mafunjo. Popo walinaswa na kufa kwa maelfu, na watafiti waliporudi mwaka 2008 walikuta mgodi hauna popo tena.

Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika eneo hilo, safari hii ikianzia wilaya ya Ibanda, karibu na mgodi. Wagonjwa 15 walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wanne kati yao walikufa. Watafiti walirudi Kitaka na kukuta popo wamerejea, ingawa walikuwa sehemu ndogo sana ya idadi ya zamani. Safari hii 13 kati ya kila 100 walikuwa na kirusi, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kabla ya kuangamizwa.

Sababu inayoelekea kuwa sahihi ni hii. Katika kundi kubwa lililotulia, popo wengi wazima huwa wameshaambukizwa na kupona, na kinga yao hukizuia kirusi kusambaa. Kundi hilo likiuawa, nafasi hubaki wazi na kujazwa na popo wanaohamia kutoka kwingine, wengi wao wakiwa hawana kinga. Kirusi hukuta miili mipya na kuenea kama moto kwenye majani makavu. Kwa kuwaondoa popo, wachimbaji waliongeza idadi ya wanyama wanaotoa kirusi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wataalamu wa afya hawapendekezi popo wauawe au wafukuzwe kwa moto na moshi, hata pale inapojulikana hakika kwamba wana kirusi.

Miwale, tumbaku na kinyesi cha popo

Katika mifano miwili iliyotangulia, binadamu alimfuata mnyama. Mfano wa Budongo, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni wa namna nyingine: makazi yaliharibiwa, na wanyama wenyewe wakabadili mwenendo wao kwa namna iliyowasogeza karibu na virusi.

Msitu wa Budongo una sokwe ambao wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo kadhaa. Chakula cha sokwe ni matunda na majani kwa sehemu kubwa, na vyakula hivyo vina sodiamu kidogo mno. Kwa muda mrefu sokwe wa Budongo walijipatia madini hayo kwenye miwale. Mwale ukifa, moyo wa shina lake huoza na kubaki laini, na sokwe huuchokonoa na kuula kwa ajili ya chumvi iliyomo.

Kuzunguka msitu huo, wakulima wengi wanalima tumbaku. Jani la tumbaku likishavunwa lazima likaushwe, na ili likauke sawasawa hufungwa kwenye vijiti na kutundikwa. Kamba ya kufungia inayopatikana bila gharama ni ile inayotolewa kwenye majani machanga ya mwale. Mwale unaokatwa majani machanga mara kwa mara hudhoofika na hatimaye hufa, na hakuna michanga inayokua kuchukua nafasi yake. Kati ya 2006 na 2012, mahitaji ya tumbaku yalipopanda, miwale ilitoweka katika sehemu ya msitu wanamoishi sokwe hao.

Sokwe walilazimika kutafuta chumvi kwingine. Kamera zilizofungwa mbele ya mti mmoja wenye uvungu, kati ya 2017 na 2019, ziliwanasa wakiingiza mikono ndani na kula kinyesi cha popo kilicholundikana humo. Hawakuwa peke yao. Mbega weusi na weupe walifika mahali hapohapo, na funo wekundu nao pia. Kinyesi hicho kilipopimwa kilikutwa na madini mengi yanayofanana na yale ya miwale, yaani sodiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi. Kilikutwa pia na aina 27 za virusi, kimojawapo kikiwa cha kundi la virusi vya korona, jamaa wa kile kinachosababisha UVIKO-19.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2024, yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Hakuna sokwe aliyeonekana kuugua kwa sababu ya kinyesi hicho, wala mtu aliyeambukizwa. Kilichothibitishwa ni hatua moja tu katika zile nne: wanyama watatu tofauti, ambao baadhi yao huwindwa kwa ajili ya nyama, sasa wanagusana moja kwa moja na virusi vya popo, jambo ambalo halikuwa likionekana hapo awali. Kama siku moja kirusi kitapita kwa funo au mbega, mtu hatahitaji kukaribia popo. Itatosha kumchuna mnyama aliyenaswa mtegoni.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini upungufu wa makazi hauwezi kupimwa kwa ukubwa wa eneo lililofyekwa peke yake. Ukitazama Budongo kutoka angani utaona msitu bado umesimama. Kilichopotea ni aina moja ya mti, na hicho kilitosha kubadili chakula cha wanyama na njia ya virusi.

Kuutambua ugonjwa na kuukatiza

Mara tu kirusi cha Marburg kinapomwingia mtu wa kwanza, ugumu ni kukitambua mapema. Dalili hujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 21 baada ya kuambukizwa. Huanza ghafla kwa homa kali, maumivu makali ya kichwa na ya misuli. Karibu na siku ya tatu hufuata kuharisha, maumivu ya tumbo na kutapika. Kutokwa damu, dalili inayowafanya watu washtuke, huanza mara nyingi baada ya siku ya tano, na si kwa kila mgonjwa. Kwa siku zote za mwanzo, mgonjwa anafanana na mwenye malaria au homa ya matumbo, na ndivyo anavyotibiwa. Muuguzi anayemtundikia dripu na ndugu anayemfulia mashuka ndio wanaofuata kuugua.

Rwanda mwaka 2024 ilionyesha hatari hiyo waziwazi. Ugonjwa ulitangazwa mwezi Septemba, na chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwa mtu aliyehusika na uchimbaji wa madini katika pango lenye popo. Kati ya wagonjwa 66, walio wengi walikuwa wahudumu wa afya. Waliokufa walikuwa 15, kiwango cha chini kwa ugonjwa huu, na kupungua huko kulitokana na wagonjwa kutambuliwa haraka, kupewa maji na huduma ya wagonjwa mahututi, pamoja na dawa za majaribio. Mkoa wa Kagera, Tanzania, umepata milipuko miwili. Wa kwanza, uliotangazwa Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba, uliua watu sita kati ya tisa. Wa pili, uliotangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo, uliua wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa. Ni wawili tu kati yao waliothibitishwa kwa vipimo, wengine wakihesabiwa kutokana na dalili na mahusiano yao na wagonjwa.

Katika kituo cha afya, swali linalotofautisha homa hii na nyingine si la dalili bali la shughuli: je, ndani ya wiki tatu zilizopita mgonjwa aliingia mgodini au pangoni, alimchuna mnyama wa porini, au alimuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa homa? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa hutengwa na sampuli ya damu hupelekwa maabara kwa kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Kipimo kikifanyika siku tatu za mwanzo na kuonyesha hana, hurudiwa, kwa kuwa kirusi huweza kuwa bado kichache mno kuonekana. Kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Mlipuko hutangazwa kuwa umekwisha zikipita siku 42, yaani mara mbili ya muda huo, bila mgonjwa mpya.

Kabla ya kufika hapo, kuna hatua zinazokatiza njia porini kwenyewe, na kila moja inagusa jambo mahususi. Kwenye Pango la Chatu, watalii hawaingii tena; walijengewa mahali pa kutazamia popo kwa mbali. Migodini, ambako watu wataendelea kwenda kwa sababu ya riziki, kinachowezekana ni kufunga mahandaki yenye popo na kuchimba yasiyo nao, kuepuka kuyaingia katika ile misimu miwili ya hatari, na kuvaa glavu, barakoa na kofia. Budongo, dawa ya tatizo ni kamba: wakulima wakipata uzi wa bei nafuu wa kufungia tumbaku, mwale hupona na sokwe hurudi kwenye chumvi yao ya zamani. Katika biashara, jambo la kwanza ni kutowachanganya wanyama wa aina na nchi mbalimbali katika vizimba vya pamoja, na kuwaweka karantini kabla ya kuuzwa. Baada ya tukio la mwaka 2003, Marekani ilipiga marufuku kabisa kuingiza wanyama wa jamii ya panya kutoka Afrika kwa ajili ya biashara hiyo.

Hatua hizo zinahitaji watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: daktari wa binadamu, daktari wa mifugo, bwana misitu, ofisa madini na bwana shamba. Utaratibu wa kuwaunganisha huitwa Afya Moja. Kwa mifano ya Uganda, sababu ya kuwaunganisha inaonekana. Daktari wa hospitali hawezi kujua kwamba miwale imekwisha, na bwana shamba anayehimiza tumbaku hana njia ya kujua kilichomo ndani ya uvungu wa mti ambamo sokwe anaingiza mkono.